Chama cha Kununulia Stoki: Namna ya Kupanga Michango na Mikopo ili Pesa Irudi kwa Wakati

Mimi ni katibu wa chama cha wafanyabiashara wadogo hapa Kisumu, na wengi wetu tuna vibanda katika soko la Kibuye au pembeni mwake. Karibu kila Jumatatu, tukishafunga sanduku, huja mtu na maswali yaleyale matatu: tuanze na shilingi ngapi, nani ashike pesa, na mtu asipolipa tumfanye nini. Nimeona ni heri niyajibu kwa maandishi, hasa lile la tatu, ambalo watu huliuliza wakiwa wamechelewa. Jibu lake hupangwa siku ya kutoa mkopo, wala si siku ya kudai.

Mwongozo huu ni kwa yule anayetaka pesa ya kuongeza bidhaa kibandani. Kama unatafuta chama cha kununua shamba au cha kuwekeza katika nyumba za kupangisha, kanuni nyingi nilizoandika hapa hazitakufaa.

Chagua aina ya chama kwanza

Chama kinachojulikana zaidi kwetu ni kile cha mzunguko, ambacho Wajaluo hukiita nyoluoro. Watu 15 hutoa shilingi 600 kila wiki, na kila wiki mmoja huondoka na shilingi 9,000. Ni kizuri kwa kununua godoro au kulipa karo, lakini kwa stoki kina kasoro moja: zamu yako inaweza kufika wiki ya 11, ilhali bidhaa za bei nafuu zilipita sokoni wiki ya tatu. Mfanyabiashara huhitaji pesa wakati bidhaa ipo, si wakati jina lake linapofika.

Aina ya pili ndiyo ninayoieleza hapa. Wanachama hununua hisa kila wiki, pesa hukusanywa pamoja, anayehitaji hukopa na kurudisha kwa riba, kisha mwisho wa msimu wote hugawana kilichopo kulingana na hisa. Utaratibu huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Nijeri, Afrika Magharibi, mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini, na umeenea katika nchi nyingi kwa sababu hauhitaji benki wala kompyuta.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

Mnahitaji watu wasiopungua 10 na wasiozidi 25. Idadi ya 10 haikutoka hewani: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na angalau watu 10 ili kisajiliwe. Wakizidi 25, mkutano hauishi, na watu huanza kutuma pesa kwa mkono wa jirani, jambo ambalo ndilo mwanzo wa hesabu kuchafuka.

Mnahitaji pia sanduku la chuma lenye sehemu tatu za kufuli, kufuli tatu tofauti, beseni mbili za kuhesabia pesa, daftari moja kubwa la mikopo, kitabu kidogo cha hisa kwa kila mwanachama, na muhuri wa mpira wenye alama yoyote ambayo haiuzwi ovyo madukani. Muhuri hugongwa mara moja kwa kila hisa, kwa hiyo hata asiyejua kusoma huhesabu mihuri yake mwenyewe na kujua alichoweka.

Viongozi watano wanatosha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wahesabu pesa wawili. Wenye funguo wawe watu wengine watatu wasio viongozi, na sanduku lilale nyumbani kwa mweka hazina, ambaye hana ufunguo hata mmoja.

Hatua kwa hatua

1. Chagueni watu kwa biashara zao, si kwa undugu tu.

Jambo ambalo vyama vingi hulisahau ni kuchanganya aina za biashara. Tulipoanza, 9 kati yetu 15 walikuwa wauzaji wa omena. Uvuvi wa omena katika Ziwa Viktoria upande wa Kenya hufungwa kwa kawaida kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai ili samaki wazaane, kwa hiyo Aprili ilipofika, watu 9 walikosa bidhaa kwa wakati mmoja, na wote walikuwa na mikopo. Hakuna aliyekuwa mwizi, ila daftari lilionekana kama la wezi. Leo hatuzidishi watu watano wa biashara moja, na muuza omena anayetaka mkopo mwezi Machi huulizwa kwanza atakuwa akiuza nini mwezi Mei.

Pamoja na hayo, chagueni watu wanaoonana siku za kazi. Mtu ambaye kibanda chake hukijui humwezi kumdhamini.

2. Pangeni siku ya mkutano kulingana na siku ya soko.

Kibuye hufurika Jumapili. Sisi hukutana Jumatatu saa kumi alasiri, kwa sababu pesa ya Jumapili bado iko mkononi na haijaenda kununulia unga. Tulijaribu Ijumaa kwa miezi miwili, na michango ikapungua ingawa watu walikuwa walewale. Kama soko lenu hujaa Jumatano, kutaneni Alhamisi.

3. Wekeni bei ya hisa ambayo maskini wenu anaiweza wiki mbaya.

Kila mwanachama anunue hisa moja hadi tano kila mkutano. Bei ya hisa isitokane na yule anayeuza vizuri zaidi, bali na yule ambaye mvua ikinyesha siku tatu kibanda chake hakiuzi kitu. Sisi tuliweka shilingi 200. Mwenye wiki mbaya hununua hisa moja, mwenye wiki nzuri hununua tano kwa shilingi 1,000, na hakuna anayemwonea mwingine kwa kuwa kila mtu atagawiwa kwa hisa zake.

Kando ya hisa, kila mtu hutoa shilingi 50 za mfuko wa dharura. Pesa hizo hukaa katika mfuko wake wa kitambaa ndani ya sanduku, hazikopeshwi kwa biashara, wala hazitozwi riba. Ni za matanga, ugonjwa au kibanda kilichoungua. Msipoutenga mfuko huo, siku ya msiba mtachukua pesa za stoki, na hakuna atakayethubutu kukataa.

4. Andikeni katiba fupi, kisha msajili kikundi.

Kurasa tatu zinatosha. Katiba itaje bei ya hisa, faini, kiwango cha riba, kikomo cha mkopo, muda wa kulipa, namna ya kushughulikia asiyelipa, namna ya mtu kujitoa, na siku ya kugawana. Isomwe kwa sauti katika lugha ambayo kila mmoja anaielewa, ikiwemo Kijaluo au Kiluhya ikibidi, ndipo watu watie saini au alama ya kidole gumba.

Usajili hufanywa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lenu. Nendeni na katiba, muhtasari wa mkutano ulioamua kusajili, na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho. Cheti ndicho kitakachowawezesha kufungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na mkifika kwa chifu au katika korti ya madai madogo kwa sababu ya deni, mtaulizwa kama kikundi kinatambulika.

5. Fanyeni kila jambo la pesa mbele ya wote.

Huu ndio utaratibu wetu wa kila Jumatatu, nami naueleza jinsi ulivyo kwa sababu mfuatano wake una maana. Wenye funguo hufungua sanduku. Kabla pesa haijaguswa, mwenyekiti huuliza, "Wiki iliyopita tulifunga na ngapi?" Kila mtu alikwenda nyumbani akiwa ameikariri hesabu hiyo, kwa hiyo watu hujibu pamoja, mfano, "Elfu tatu mia nne!" Wahesabu humwaga pesa kwenye beseni na kuthibitisha. Kisha katibu huita wanachama kwa namba. Namba 1 husimama, hutoa pesa ya dharura, hutoa pesa ya hisa, kitabu chake hugongwa muhuri mbele ya macho yake. Wakiisha wote, ndipo huitwa wenye madeni, na mwisho kabisa ndipo mikopo mipya hutolewa. Salio jipya hutangazwa, hurudiwa na wote, na sanduku hufungwa.

Kukariri salio huonekana kama mchezo wa watoto, lakini mtu akitaka kuchomoa noti mbili usiku, anajua kwamba kuna watu 14 wenye hesabu kichwani.

Msikubali kamwe michango itumwe kwenye laini ya simu ya mtu binafsi. Katika chama changu cha kwanza, ambacho sitakitaja, mweka hazina alipokea michango kwa simu yake. Alikuwa na deni la mkopo wa simu ambalo hukatwa lenyewe kila pesa inapoingia. Jumatatu moja tulituma shilingi 6,800, na kabla hajaamka kwenye kiti alichokuwa amekalia, shilingi 2,150 zilikuwa zimeshakatwa. Hakuiba, na alilia kweli, lakini pesa ilituchukua miezi minne kuipata. Asiyeweza kufika na atume pesa kwa akaunti ya kikundi, na ujumbe wa benki usomwe mkutanoni.

6. Toeni mkopo kwa kuangalia bidhaa inavyouzika.

Hapa ndipo pana kazi, na hapa ndipo vyama vingi huvunjikia. Wengi huweka kanuni moja: mkopo ni miezi mitatu, lipa kidogo kidogo. Lakini bidhaa hazitembei kwa mwendo mmoja. Nyanya huisha kwa siku nne. Robota la mitumba huchukua wiki sita au saba. Mahindi ya kununuliwa wakati wa mavuno ili yauzwe bei ikipanda hukaa miezi mitano, na mkopo wa wiki 12 utamlazimisha mwenyewe kuyauza wakati bei bado iko chini. Sisi hatukopeshi kwa ajili ya mahindi ya kuhifadhi. Ni biashara nzuri, ila si ya pesa za chama cha aina hii.

Kanuni zetu za mkopo ni nne. Kikomo ni mara mbili ya akiba ya mwanachama katika msimu wa kwanza, na mara tatu kuanzia msimu wa pili. Riba ni asilimia 5 kwa kila wiki nne, na huhesabiwa kwa deni lililobaki mwanzoni mwa wiki hizo nne, si kwa mkopo wa awali. Muda hauzidi wiki 12. Na kila mkopo una wadhamini wawili, ambao hawawezi kumdhamini mtu mwingine hadi deni hilo liishe. Mikopo haianzi kabla ya wiki ya tano, kwa sababu kabla ya hapo hakuna pesa ya maana ya kukopesha. Kwa watu 15 wanaonunua kwa wastani hisa tatu kila mmoja, sanduku hupata shilingi 9,000 kwa wiki, yaani shilingi 36,000 baada ya wiki nne.

Sasa tazama mfano mmoja, ambao bei zake utazibadilisha kulingana na soko lako. Mwanachama namba 7 huuza nguo za watoto za mitumba. Baada ya wiki 12 alikuwa na hisa 36, yaani akiba ya shilingi 7,200, kwa hiyo kikomo chake kilikuwa shilingi 14,400. Aliomba shilingi 12,000 za kununua robota moja, pamoja na nauli na mbebaji, na akaomba wiki 12 za kulipa.

Mwenyekiti alimwuliza swali ambalo naona kila chama kingepaswa kuliuliza: "Mama, robota la mwisho lilikuchukua wiki ngapi kuisha?" Alijibu kuwa wiki saba. Tukamwuliza aliuza kiasi gani kila wiki, naye alikuwa na daftari lake. Wiki ya kwanza shilingi 4,200, ya pili 3,600, ya tatu 2,700, ya nne 2,300, ya tano 1,900, ya sita 1,100 na ya saba 800. Jumla ilikuwa shilingi 16,600. Yeyote aliyewahi kufungua robota anajua sababu: nguo za kamera, yaani zile nzuri zaidi, huondoka siku za kwanza, na mwisho unabaki kuita watu kwa shilingi 30.

Kama tungempa wiki 12 za kulipa shilingi 1,000, angebaki na wiki tano za kulipa deni la bidhaa ambayo haipo tena. Pesa ya wiki mbili za mwanzo ingekuwa imeingia kwenye karo na unga, si kwa ubaya, bali kwa sababu ilikuwapo mkononi. Kwa hiyo tulimpa wiki nane, na malipo yakafuata mauzo: shilingi 2,000 kila wiki kwa wiki nne za kwanza, kisha shilingi 1,000 kwa wiki nne za mwisho. Riba ya wiki ya nne ilikuwa asilimia 5 ya 12,000, yaani shilingi 600. Deni lilikuwa limeshuka hadi shilingi 4,000, kwa hiyo riba ya wiki ya nane ilikuwa shilingi 200. Riba yote ilikuwa shilingi 800.

Robota hilo lilimwachia shilingi 3,800 juu ya mkopo na riba, kabla ya ushuru wa soko. Ukiigawa kwa wiki nane, utaona kwamba hiyo si pesa ya kulisha nyumba. Mama huyu aliweza kwa sababu tayari alikuwa na bidhaa nyingine kibandani, na robota lilikuwa la kuongezea. Mtu ambaye kibanda chake ni kitupu, na anataka mkopo umjazie kibanda, umlishe na ujilipe wenyewe, tunamshauri anunue hisa kwanza hadi akiba yake itoshe kununua angalau nusu ya stoki.

Ona pia uzito wa riba. Kuna vyama vinavyotoza asilimia 10 kwa mwezi na kujisifu kwa faida ya mwisho wa mwaka. Katika mfano huu riba ingekuwa shilingi 1,600, kutoka katika ziada ya shilingi 4,600. Mkopaji angefanya kazi theluthi moja ya wakati wake kwa ajili ya wenye hisa wasiokopa.

7. Andikeni kanuni ya kuchelewa kabla ya mtu wa kwanza kukopa.

Kanuni yetu ni hii. Ukikosa lipo moja, unatozwa faini ya shilingi 100, mara moja, na huwezi kuomba mkopo mpya. Ukikosa mawili mfululizo, wadhamini wako wawili na mwenyekiti hukutembelea kibandani, si nyumbani, kuangalia kama bidhaa ipo. Muda wa mkopo ukiisha na deni lingalipo, unaongezewa wiki mbili. Baada ya hapo deni hukatwa kutoka kwa hisa zako, na likibaki, wadhamini hugawana lililobaki nusu kwa nusu.

Katika mfano wa namba 7, deni la shilingi 12,000 lililindwa na akiba yake ya shilingi 7,200, kwa hiyo hata asingelipa shilingi moja, kila mdhamini angebeba shilingi 2,400. Waambieni wadhamini kiasi hicho kwa tarakimu siku ya kutia saini. Nimeona mikono ikishuka ghafla baada ya kutajwa.

Faini isizae faini, wala riba isitozwe riba. Deni likikua kila wiki, mdaiwa huacha kuja mkutanoni, na akishaacha kuja mmepoteza pesa na mtu.

8. Gawaneni katikati ya Novemba, si Desemba.

Vyama vingi hugawana wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, na kwa wafanyabiashara hilo ni kosa. Ili mgawane Desemba, mikopo yote lazima irudi Novemba, yaani mnawanyang'anya watu mtaji wakati hasa wanapotaka kujaza vibanda kwa ajili ya sikukuu. Sisi huanza Jumatatu ya pili ya Januari na kugawana katikati ya Novemba, baada ya michango ya wiki 44. Mgao wenyewe ndio hugeuka stoki ya Desemba, na faida ya Desemba ndiyo hulipa karo ya Januari.

Mikopo yote iwe imerudi wiki mbili kabla ya mgao. Kwa hiyo mkopo wa wiki 12 hautolewi baada ya wiki ya pili ya Agosti, na wa wiki nane hautolewi baada ya mwanzo wa Septemba.

Hesabu ya mgao ni ya kugawanya tu. Tuseme kuna hisa 1,980 zilizonunuliwa kwa shilingi 396,000, na sanduku lina shilingi 455,400 pamoja na riba na faini. Gawanya 455,400 kwa 1,980, kila hisa ni shilingi 230. Namba 7 akiwa na hisa 132, aliweka shilingi 26,400 na anapokea shilingi 30,360. Fanyeni hesabu ubaoni au kwenye karatasi kubwa, na kila mtu aikague kwa simu yake. Siku hiyo sanduku lisilale na pesa nyumbani kwa mtu.

Kama unajiunga na chama kilichopo

Usiombe kuonyeshwa daftari la akiba, kwa maana hilo kila chama hulionyesha kwa furaha. Omba daftari la mikopo. Tazama kama kuna jina linalojirudia likiwa na deni lilelile linalobadilishwa tarehe tu, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba mtu hulipa mkopo wa zamani kwa mkopo mpya. Kama mwenye jina hilo ni kiongozi, shukuru kwa chai na uondoke. Uliza pia kila hisa ilipata shilingi ngapi msimu uliopita. Chama kinachojua jibu bila kunong'onezana huwa kiligawana kweli.

Ukitaka kuingia katikati ya msimu, usishangae ukiambiwa hisa ni shilingi 215 badala ya 200. Hisa za wenzako zimeshazaa riba kwa miezi kadhaa, na ukiingia kwa bei ya Januari utakuwa unakula jasho lao. Ni afadhali usubiri msimu mpya kama miezi iliyobaki ni michache.

Mambo yakienda mrama

Salio halilingani na lile lililokaririwa. Simamisheni kila kitu kabla ya kupokea mchango wowote. Mara nyingi utakuta pesa ya dharura imechanganyika na ya hisa. Ikiwa pesa imepungua kweli, na funguo zote tatu zilikuwa na wenyewe, tazameni kama bawaba za sanduku zina skrubu zinazofunguka kwa nje. Kwetu ziliwahi kuwa hivyo, na fundi alizichomelea kwa shilingi 150.

Watu wengi wanataka mkopo wiki moja, na pesa haitoshi. Msigawe kila mtu nusu. Nusu ya robota hainunuliki, na mliyempa nusu ataitumia kwa jambo lingine. Mpeni kwanza yule ambaye bidhaa yake huisha upesi, kwa sababu pesa yake itarudi na kumfikia wa pili.

Sanduku limejaa na hakuna anayekopa. Hii hutokea sana Februari, biashara ikiwa imelala. Msiwashurutishe watu kukopa ili riba ipatikane. Wekeni pesa benki kwa jina la kikundi, pawe na saini tatu, na msubiri.

Kiongozi mwenyewe hajalipa. Kanuni ya hatua ya saba haibadiliki, ila ziara ya kibandani ifanywe na wenye funguo, na uongozi wake usimame hadi amalize. Kama wanachama wanaona aibu kumwambia kwa kuwa ni mzee au shemeji, kura ipigwe kwa punje za maharagwe na mahindi ndani ya kibuyu.

Mwanachama anataka kujitoa katikati ya msimu. Arudishiwe alichoweka, kwa bei ya 200, bila faida, baada ya kukatwa deni lake, na alipwe pesa ikipatikana bila kusimamisha mikopo iliyokwisha kuahidiwa. Aliyefariki ni tofauti: hisa zake hubaki hadi siku ya mgao na huzaa kama za wengine, na pesa humfikia mtu ambaye jina lake liliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chake. Hakikisheni ukurasa huo umejazwa siku ya kwanza, maana tuliwahi kukaa na shilingi 11,000 za marehemu kwa miezi mitatu huku mjane na mama mkwe wake wakija kwa zamu, kila mmoja akiwa na barua yake kutoka kwa mzee wa mtaa.